Fedha za maafa: zifunguliwe El Nino ikitangazwa, au tungoje maji yaingie?

Mkulima, Handeni

Mwaka 2015 tulitangaziwa El Nino kubwa, tukajiandaa, mvua ikaja ya kawaida tu. Mwaka 2019 El Nino haikutajwa, na Oktoba barabara ya Korogwe–Handeni ikakatika kwa mafuriko. Mwaka 2023 ikatangazwa na ikaja kweli. Halmashauri zetu zianze kutumia fedha za maafa pale El Nino inapotangazwa, au zingoje mpaka maji yaingie?

Mwalimu, Morogoro

Zianze siku hiyo hiyo. Bahari ikipata joto mvuke unaongezeka, na mvuke ukiongezeka lazima unyeshe mahali. El Nino inaleta mvua, La Nina inaleta ukame. Si mliona kuanzia mwishoni mwa 2020? La Nina ilikaa miaka mitatu mfululizo, na kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia misimu mitano ya mvua ikafeli. Huo 2015 ulikuwa bahati tu. Hatuwezi kupanga maisha ya watu kwa kutegemea bahati.

Mtabiri mstaafu, Dar es Salaam

Mwalimu, hapo kwenye ukame uko sawa, ila 2015 haikuwa bahati. El Nino ni joto la maji ya Pasifiki, karibu na Peru. Mvuke wa kule hautufikii sisi. Vuli yetu inaamuliwa na Bahari ya Hindi.

Kwa kawaida maji ya moto zaidi ya bahari yetu yako upande wa Sumatra. Mawingu makubwa hujengeka huko, na upande wetu hewa inashuka na kukausha. Lakini miaka mingine, kuanzia kama Juni au Julai, maji baridi ya kilindini hupanda juu karibu na Sumatra. Upepo wa ikweta unageuka na kuvuma kuja huku, unasukuma maji ya moto magharibi, na mawingu yanayafuata. Wataalamu wanaiita daipoli ya Bahari ya Hindi, na kipimo chake ni joto la magharibi kutoa joto la mashariki. Kwa hiyo bahari nzima ikiwa ya moto, peke yake haitoshi. Kinacholeta mvua ya vuli ni tofauti ya joto kati ya pande mbili.

El Nino mara nyingi husaidia daipoli kuzaliwa, lakini si kila mara. Mwaka 1997 zilikuja zote mbili kwa nguvu. Mwaka 2015 Pasifiki ilipata joto karibu sawa na 1997, ila tofauti kwenye Bahari ya Hindi ilikuwa ndogo. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu na hali ya kawaida, na tofauti ya kwetu ikapita nyuzi 2 mwezi Oktoba. Na wazee wanaokumbuka vuli ya 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, wanakumbuka daipoli. Mwaka ule El Nino haikuwepo kabisa, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 katika miaka iliyofuata.

Kwa hiyo halmashauri inayosubiri kusikia El Nino ingekosea mara mbili: ingetumia fedha 2015, na 2019 ingekaa mikono mitupu.

Mkazi, Kitui

Mzee, kwa heshima, hiyo daipoli nayo tuliahidiwa 2018. Tuliambiwa mvua za Oktoba hadi Desemba zitakuwa nzuri, bahari imekaa vizuri. Tukakopa mbegu, tukalima hadi shamba la jirani. Mahindi yalifika magotini, majani yakajikunja, basi. Mvua iliyonyesha haikujaza hata pipa la nyumbani. Watu wa mafuriko wanataka tahadhari mapema, nawaelewa. Lakini tangazo la mvua nyingi linapokosea, anayelipa ni mkulima wa nyanda kavu, na hakuna anayemrudishia mbegu.

Mtabiri mstaafu, Dar es Salaam

Ndugu wa Kitui, huo ni mfano mzito, na haumo kwenye hadithi ninazopenda kusimulia watu wa ofisini. Mwaka 2018 daipoli ilikuwepo kweli, lakini haikuwa ya nguvu kama ile ya mwaka uliofuata, na ilijitokeza kwa kuchelewa. Daipoli ya wastani inasogeza uwezekano tu. Kuna makundi ya mawingu yanayozunguka ikweta kila baada ya siku 30 hadi 60, na yanaweza kuharibu mahesabu ya mwezi mzima kama daipoli haina nguvu. Ikiwa kubwa kama 1997, 2019 au 2023, inayafunika hayo yote.

Ndiyo maana ningeweka kizingiti juu. Tofauti ikifika nyuzi 1 mwishoni mwa Septemba na bado inapanda, anza kazi. Ikiwa kama nusu nyuzi, karibu na ilivyokuwa 2015, waambie watu hivyo hivyo: inaweza kuwa nyingi, inaweza kuwa ya kawaida, na usiwahimize wakope.

Mhasibu wa halmashauri, Mkoa wa Lindi

Mwishoni mwa Septemba? Hapo ndipo penye shida yangu. Mwaka wetu wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Miezi kadhaa kabla ya hapo, tunapopitisha bajeti, wataalamu wenyewe hawawezi kusema lolote la uhakika kuhusu vuli. Halafu Septemba mnataka nihamishe fedha za barabara kwa sababu ya kipimo cha maji karibu na Sumatra. Mvua isiponyesha, mkaguzi akija ataniuliza maafa yako wapi. Nimeona mwenzangu akiandikiwa hoja kwa kununua dawa za kipindupindu kabla mgonjwa hata mmoja hajapatikana. Kipindupindu hakikuja, na hoja ikabaki kwenye ripoti miaka miwili.

Ninaunga mkono tahadhari kwa moyo wote, lakini sheria za matumizi zinamlinda anayengoja.

Mkulima, Handeni

Mhasibu, asante kwa kusema wazi, maana hili hatulisikii mikutanoni. Lakini anayengoja analindwa na nani akishaona maiti? Hanang mwaka 2023, tarehe 3 Desemba, tope lilishuka kutoka mlimani hadi Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Na Kenya, Oktoba ya mwaka ule ule, Rais alitangaza hadharani kwamba wataalamu wamesema El Nino ile haitakuja. Novemba Tana River, Garissa na Mandera zilikuwa chini ya maji.

Mvuvi, Mafia

Na sisi wavuvi hizo fedha tunazitaka. Mwaka jana tuliambiwa tufunge mwamba miezi mitatu pweza wakue, tukafunga. Mwaka wa El Nino mkitufungia tena kwa ajili ya matumbawe, mtulipe. Aprili 2024 nilizama na miwani nikaona matumbawe ya pembe meupe kama chokaa, mengine yana rangi ya zambarau hafifu. Wiki chache baadaye yalishaota manyasi ya kahawia. Mzee mmoja hapa anasema 1998 kwenye mwamba wa Tutia hali ilikuwa mbaya kuliko hivyo, kila pembe ilikufa.

Mtabiri mstaafu, Dar es Salaam

Kaka, mwenzetu aliuliza habari za mafuriko, lakini hilo lako linatoka kwenye tukio lile lile, tena lina nafasi nzuri zaidi ya kujiandaa. Daipoli hufa Desemba, kaskazi ikishika. Ila El Nino ikiwa kubwa, Bahari ya Hindi nzima hupata joto polepole, na kilele kwetu ni Machi na Aprili, kaskazi inapolegea na kusi haijaanza, maji yametulia na jua ni kali. Joto likizidi kiwango cha mwezi wa moto zaidi kwa nyuzi 1 na kukaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe linatoa vijimea vidogo vinavyoishi ndani yake na kulipatia rangi na chakula. Linakuwa jeupe lakini bado hai. Joto likishuka upesi linapona, likiendelea linakufa njaa, na hayo manyasi uliyoyaona ndiyo dalili kwamba limekufa. Kwa hiyo Novemba ukiwa na El Nino kubwa, una miezi minne ya kujipanga.

Sasa kama kufunga kunasaidia, hapo wenzangu wa bahari wanabishana. Mwaka 1998 hifadhi za Kenya zilizokuwa zimefungwa zilipata hasara kubwa kama miamba ya wavuvi, pengine zaidi, kwa sababu zilikuwa na matumbawe ya pembe mengi, na hayo ndiyo dhaifu. Kufunga hakupoozi maji. Wanaotetea kufunga wanasema faida inakuja baadaye: pono, kangaja na tasi wakiachwa wanakula manyasi, na tumbawe changa linapata mahali pa kushika.

Mvuvi, Mafia

Tasi ndiyo samaki wa dema zangu. Mkisema nisimguse tasi, mmenifungia nyumba, mwamba ni jina tu. Mimi niko tayari kuachia pono miezi ile ya joto. Tasi, hapana.

Mkazi, Uvira

Miye ninasoma tu tangu mwanzo, sasa niseme. Huku Uvira, Kongo, mto Mulongwe ulifurika Aprili 2020, ukabeba nyumba na watu. Ng'ambo, Gatumba ya Burundi, uliofurika ni mto Rusizi. Na ziwa Tanganyika halikurudi chini, likaendelea kupanda miaka iliyofuata. Vuli ya 2019 ilikwisha Desemba. Sasa mwenye kutoa tahadhari atatoa kwa muda gani? Sisi maji yalikuja mvua ya kule ilishasahaulika.

Mtabiri mstaafu, Dar es Salaam

Ndugu yangu, ile mvua ya Aprili siwezi kuibebesha daipoli moja kwa moja, maana masika ina mambo yake. Lakini vuli ya 2019 ililowesha ardhi na kujaza maziwa, masika ikakuta hakuna nafasi. Ziwa Victoria lilifika kina kikubwa kuliko cha 1964 mwezi Mei 2020. Tanganyika ni gumu zaidi kwa sababu mto unaolitoa ni mmoja tu, Lukuga pale Kalemie, na si mpana. Kwa watu wa ziwa tahadhari ya miezi mitatu haina maana. Ninyi mnahitaji alama ya kina kwenye gati na amri ya kutojenga chini yake, hata miaka ziwa likiwa limerudi nyuma.

Mkulima, Handeni

Basi mimi nitapeleka hivi kwa diwani wetu: kizingiti cha nyuzi 1 mwishoni mwa Septemba, pamoja na utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Vyote viwili vikikubaliana, tuzibue makalavati, tuhamishe mahindi ya ghala la bondeni, na zahanati ipate dawa za kipindupindu na dawa ya kutibu maji.

Mhasibu wa halmashauri, Mkoa wa Lindi

Makalavati sina tatizo. Yanazibuliwa hata mvua isiponyesha, na hakuna mkaguzi atakayeuliza. Kuhamisha mahindi pia napitisha, ni mafuta ya lori tu. Dawa zina tarehe ya kuisha, na hapo bila barua ya mkoa inayotaja hicho kizingiti kwa maandishi, saini yangu hamtaipata.

Mkazi, Kitui

Na kwenye hiyo barua muandike kwamba kizingiti hicho hakitangazwi kwa wakulima kama mwaliko wa kupanda. Kwenu bondeni na kwetu Kitui ni tangazo moja la redio.