Faili la Excel linasema linatumiwa na mtu mwingine: nifute ~$, nifunge kwenye seva, au niristati seva?

Parachichi_Njombe: Wakuu habari za baridi. Tunanunua parachichi hapa Njombe, faili letu la MAUZO.xlsx limekaa kwenye kompyuta ya Windows 10 pale ofisini, sisi wengine tunalifungua kwa netiweki. Saa nne umeme umekatika, dada wa mapokezi alikuwa analitumia na kompyuta yake haina UPS, ya faili inayo. Umeme umerudi ila sasa hata yeye mwenyewe akifungua anaambiwa limefungwa na "User", achague Read-Only. Wakulima wanasubiri malipo. Kati ya hizo njia tatu ipi ni salama?

Kijana_wa_Uyole: Futa tu hilo faili dogo lililofichwa, `~$MAUZO.xlsx`, liko folda hiyohiyo. Nenda View, weka tiki Hidden items, utaliona. Hilo ndilo linaloshikilia.

Mama_Tukuyu: Hata mimi yangu haikubali kuandika, ina mstari wa njano juu imeandikwa Protected View, ni ya kwenye imeili, nayo nifute hiyo ~$?

Fundi_Mafinga: Mama, yako ni kitu kingine, bonyeza Enable Editing kama unamwamini aliyekutumia, usifute chochote.

Kijana wa Uyole umepata nusu. Kwa LibreOffice ungekuwa sahihi, lile `.~lock.` likibaki baada ya kompyuta kuzima ghafla kweli linakusumbua, na ukiwa na hakika hakuna aliyefungua unalifuta yanaisha. Ila kwa Excel ile ~$ kazi yake ni kubeba jina tu, kufuli lenyewe liko kwenye seva, seva inaamini kuna mtu bado kalifungua. Na jina linatoka kwenye File, Options, General, pale User name, siyo jina la kuingilia Windows, kwa hiyo kama fundi aliziwekea kompyuta zenu zote "User" ujumbe huo haukuambii ni nani.

Jaribu kuifuta ~$. Ikikubali na faili likafunguka, sawa, lilikuwa mabaki. Ikikataa ikisema inatumika, kuna muunganisho bado umeshikilia. Hapo nenda kwenye kompyuta yenye faili, fungua PowerShell kama msimamizi:

```
Get-SmbOpenFile | Where-Object Path -like "*MAUZO*" |
  Format-List FileId, ClientComputerName, ClientUserName, Path
```

Usifunge kitu, tuambie kwanza imeonyesha nini.

Parachichi_Njombe: ~$ imekataa kufutika. PowerShell imeleta MAUZO na ~$ yake, zote ClientComputerName ni 192.168.1.23. Ila kompyuta ya mapokezi ni .15!

Fundi_Mafinga: Basi mapokezi hahusiki, umeme umewapoteza njia. Mtafuteni mwenye .23.

Parachichi_Njombe: Ni laptopu ya mtunza stoo, kaifunika bila kufunga Excel akaondoka nayo Makambako. Kwenye simu anasema asubuhi aliingiza mizigo ya Lupembe na hakumbuki kama alisevu.

Kijana_wa_Uyole: Si mristati seva tu, dakika tano kila kitu kinaachia.

Fundi_Mafinga: Kinaachia, ila na wengine wote waliofungua mafaili mengine unawakata katikati ya kazi kwa kosa la mtu mmoja, mimi hiyo naiweka mwisho kabisa. Kufunga faili moja kunamgusa mmoja. Mwambieni mtunza stoo asisevu juu ya lile la zamani, akifungua laptopu afanye Save As kwa jina jingine, MAUZO_STOO.xlsx, hapohapo kwenye laptopu, halafu mizigo yake mtaihamisha kwa mkono. Akishakubali ndipo mfunge, kwa namba ya FileId uliyoiona:

```
Close-SmbOpenFile -FileId 1234
```

Itakuuliza, jibu Y. Ile ya ~$ ina namba yake, ifunge nayo. Ukipenda kubonyeza, `fsmgmt.msc`, Open Files, ubofye kulia, Close Open File.

Iringa_Mjini: Sisi seva yetu ni Linux yenye Samba, niliweka deadtime nikidhani itawatoa hawa wanaosahau, haijasaidia.

Fundi_Mafinga: Haitasaidia mkuu, deadtime inamkata asiye na faili lolote wazi, na hawa shida yao ni faili liko wazi. Tumia `sudo smbstatus -L` upate Pid, ndiyo uiue hiyo, ila ujue inakata kila alichofungua mtu huyo kwenye seva.

Parachichi_Njombe: Limefunguka, mapokezi anaandika. Sasa nabadilisha hayo majina ya User kila kompyuta. Bosi anataka tuhamie Google Sheets ili yasijirudie, ila intaneti yetu ikikata mchana wakulima wako foleni tutalipaje? Aliyejaribu huku nyanda za juu aniambie.

Iringa_Mjini: Tulihamia, kufuli limeisha kweli, ila mtandao ukikata tunarudi kwenye daftari.