Tupeane uzoefu: "Hello, sikusikii!" Ulijuaje kama ni maiki au ni programu?

Fundi wa Amalemba

Wadau, natengeneza simu hapa Kakamega. Watu wengi huniletea simu ambazo kwingine wameshaambiwa "maiki imekufa, tubadilishe". Nyingine huwa imekufa kweli. Nyingine ni nzima kabisa. Nawaeleza ninavyopima kabla sijashika bisibisi, nanyi mseme yaliyowapata.

Kwanza navua kava, nachomoa erfoni, nazima Bluetooth na kuwasha simu upya. Halafu nafungua rekoda, nashika simu kama mtu anayeongea, nahesabu moja hadi kumi kwa sauti ya kawaida. Rekodi hiyo siiamini nikiisikiliza kwenye simu ile ile, kwa sababu spika mbovu huifanya rekodi nzuri isikike mbovu. Naituma kwa WhatsApp kwenda simu nyingine, naisikiliza huko. Ikiwa safi, maiki ya chini ni nzima.

Hapo ndipo tunapiga simu ya majaribio. Mwenye simu anabaki ndani, mimi natoka nje na yangu, maana simu mbili zikikaribiana hupiga mluzi. Anaongea simu ikiwa sikioni, kisha anaweka spika, kisha anachomeka erfoni zenye maiki. Mwisho tunarudia yote kwa simu ya WhatsApp.

Mfano ni mama mmoja wa mitumba. Rekodi yake ilikuwa safi. Akipiga simu ikiwa sikioni, sauti inakatika na kufifia kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Akiweka spika, anasikika vizuri. Kwa WhatsApp sikioni, ubovu ni ule ule. Basi si mtandao, kwani WhatsApp inapita kwenye data na shida haikuondoka. Wala si maiki ya chini, rekoda imeshaitetea.

Simu nyingi zina maiki ya pili huko juu. Kazi yake ni kusikiliza kelele za nje ili simu iziondoe kwenye sauti yako. Tundu lake likiziba, simu inakosea hesabu na kuanza kukata sauti ya mwenyewe. Rekoda ya kawaida mara nyingi haiigusi maiki hiyo, ndiyo maana ilitoka safi. Nilirekodi video nikiongea karibu na tundu la juu, sauti ikatoka hafifu sana. Kumulika tochi, tundu limejaa vumbi lililogandana na gundi. Nilisafisha kwa brashi laini kavu, tukapiga tena, akasikika. Hakuna kilichobadilishwa.

Kijana wa Nyalenda

Hapa Kisumu sisi tunajua hivi: rekoda ikiwa poa, shida ni programu. Fomati simu, mambo yaishe. Yangu ilipona hivyo hivyo.

Fundi wa Amalemba

Ndugu, nusu ya hayo ni kweli. Rekoda ikiwa safi, hiyo maiki moja imeondoka kwenye lawama, lakini ya pili bado hujaipima. Mama yule angefomati, angepoteza picha na namba zake na tundu lingebaki na vumbi lile lile. Ukishuku programu, washa simu kwa Safe mode kwanza. Programu zote ulizoongeza zinalala kwa muda. Piga simu ya majaribio hapo. Sauti ikirudi, ondoa programu ulizoweka karibuni, moja baada ya nyingine, na picha na namba zako zitabaki kwenye simu.

Bibi wa Njoro

Hamjambo wanangu. Mimi pia nataka hiyo rekoda. Niliweka ya kurekodi simu nikiongea na wateja wa maziwa, inanasa sauti yangu tu, ya mteja haimo. Maiki yangu imeharibika?

Fundi wa Amalemba

Shikamoo bibi. Maiki yako ni nzima, ndiyo maana sauti yako imo. Hiyo ni rekoda ya aina nyingine. Android za siku hizi haziruhusu programu za kawaida kuchukua sauti ya mtu wa upande wa pili. Simu nyingine zina kitufe cha kurekodi kilichokuja nacho, nyingine hazina. Sisi hapa tunaongelea rekoda ile ya kurekodi sauti tu, bila kupiga simu.

Mwalimu wa Luanda

Langu ni kinyume cha la mama wa mitumba. Rekoda ilinyamaza kabisa. Nikimaanisha kimya: ile mistari ya sauti kwenye skrini haikutikisika hata nilipopiga makofi. Fundi mmoja akanitajia bei ya maiki mpya. Binti yangu akavuta ile menyu ya juu ya skrini, akakuta "Mic access" imezimwa. Akaigusa, sauti ikarudi.

Fundi wa Amalemba

Asante sana mwalimu, hili lilistahili kuwa hatua yangu ya kwanza. Kitufe hicho kipo kuanzia Android 12. Kikizimwa, programu zinapewa ukimya mtupu. Maiki iliyoziba au iliyoanza kufa kwa kawaida huacha kitu: mvumo, mkwaruzo, sauti ya mbali. Kwa hiyo mstari ukiwa umenyooka kabisa, tazama kitufe kwanza, halafu ruhusa ya maiki ya rekoda yenyewe. Lakini mstari ulionyooka pia unaweza kuwa waya wa maiki uliokatika. Kama kitufe na ruhusa viko sawa na bado ni kimya, jaribu erfoni zenye maiki. Zikinasa sauti, programu ni nzima na simu ifunguliwe.

Wa Kinu, Nakuru

Mimi nasaga posho hapa karibu na Section 58. Simu yangu inasikika kwa wengine bila shida, ila mimi ndiye siwasikii, labda niweke spika.

Fundi wa Amalemba

Wewe shida yako ni kusikia, si kusikika. Kama spika kubwa inasikika na erfoni zinasikika, kinachobaki ni spika ndogo ya sikioni. Kwa kazi yako nadhani ni unga kwenye wavu wake. Kama ni Samsung, piga *#0*# kisha gusa Receiver, sikiliza mlio. Usichokoe kwa pini! Wavu ukitoboka, unga unaingia ndani zaidi. Na lile tundu dogo la chini si la kutolea laini. Nimepokea maiki kadhaa zilizotobolewa hivyo.

Boda Bungoma

Yangu asubuhi iko sawa, mchana watu hawanisikii. Rekoda nayo leo safi, kesho mbovu. Nikibonyeza pale chini karibu na chaji, sauti inarudi.

Kijana wa Nyalenda

Hiyo ni joto. Iweke kivulini.

Fundi wa Amalemba

Joto linaweza kuchangia, silikatai. Ila programu haibonyezwi na kidole. Kwenye simu nyingi maiki ya chini iko bodi moja na tundu la chaji, na mitikisiko ya pikipiki hulegeza kiunganishi. Anza kurekodi sasa hivi, uhesabu mfululizo, ubonyeze na kuachia mara kadhaa bila kusimamisha rekoda.

Boda Bungoma

Nimefanya. Inakuja na kupotea na kidole. Lakini baadaye nikiwa nimechomeka chaji haikupotea hata nilipoachia. Sielewi.

Fundi wa Amalemba

Yawezekana plagi ya chaji ndiyo inaisukuma bodi ikae mahali pake, lakini sitakuapia bila kuiona. Rekodi mbili zaidi: moja ukiwa umechomeka waya ambao haujaunganishwa na umeme, nyingine umeme ukiwa umewashwa. Nitumie zote, niambie na aina ya simu.