Tupeane uzoefu: kadi za marudio zinazopima mchakato, si maana ya neno

Zamu ya Usiku: Ndugu zangu, mwaka wa kwanza niliandika kadi za aina ya "Baroresepta ni nini?" na nikazijibu zote bila kusita. Kwenye mtihani tukaulizwa kwa nini moyo huenda mbio mtu aliyelala anaposimama ghafla, nami nikaandika kwamba shinikizo likishuka, vipokezi vya shingoni huongeza ishara. Ni kinyume kabisa, kwani vipokezi hivyo huhisi kutanuka kwa ukuta wa ateri. Ukilegea, ishara hupungua, na upungufu huo ndio unaouarifu ubongo. Tangu hapo kila kadi yangu huanza na tukio. Ninyi mnaziandikaje?

Mama Salma: Mimi huandika mlolongo mzima kwenye kadi moja, kuanzia damu inapotuama miguuni, kupitia kupungua kwa damu inayorudi moyoni, hadi mishipa inapobana. Nikiutaja wote kwa mpangilio, najua nimeelewa.

Mkufunzi Mstaafu: Mama Salma, mlolongo wako ni sahihi, ila mtu anaweza kuukariri kama shairi, na akisahau hatua moja hajui ajipe alama au ajinyime. Mimi huvunja kiungo kimoja, kisha nauliza kinachosalia: "Mgonjwa aliyepandikizwa moyo miezi 2 iliyopita anasimama ghafla. Mapigo yake yatafanyaje katika sekunde za mwanzo, na kwa nini?" Neva za kwenda moyoni zilikatwa wakati wa upasuaji, kwa hiyo mapigo hayapandi upesi, hupanda baadaye, adrenalini inapofika kupitia damu. Mishipa ya miguuni, hata hivyo, hubana mara moja, kwa sababu neva zake hazikuguswa. Hapo ndipo aliyekariri hukwama. Muda nautaja makusudi, maana miaka ikipita baadhi ya neva huweza kuota tena, na jibu likabadilika.

Kijana wa Mifupa: Mimi ninasumbuliwa na mifupa 8 ya kifundo cha mkono. Pale hakuna mchakato wowote, ni majina tu. Nifanyeje?

Mkufunzi Mstaafu: Majina yakariri kwa kadi za kawaida, mwanangu, hakuna njia nyingine. Kisha ongeza moja: "Skafoidi ikivunjika katikati, ni kipande kipi kilicho hatarini kufa?" Ni kile cha upande wa kigasha, kwa kuwa damu nyingi huingia kupitia upande wa vidole na kurudi nyuma.

Zamu ya Usiku: Kadi za "hupanda au hushuka" bado zinanitatiza, kwa sababu anayebahatisha hupata nusu. Sasa sijipi alama bila kuandika sababu, lakini kadi 40 za usiku mmoja zimekuwa 15, na silabasi hainisubiri.

Mama Salma: Mkufunzi nimekuelewa, ila sitaiacha kadi yangu ndefu. Nisipoujua mlolongo wote, nitajuaje kiungo cha kuvunja?