Mtu kaondoka, nguzo imekuwa mbili: maski za Hugin, leya za GIMP au kuziba kwa brashi?

Mzamiaji
Wakuu, nina panorama ya fremu 6 ya ufukwe wa Forodhani niliyoiunganisha kwa Hugin, kamera mkononi bila tripodi. Mwenye baiskeli alipita akatokea fremu ya 3 na ya 4. Nilimzungushia Exclude region kwenye fremu zote mbili, akatoweka vizuri. Lakini sasa nguzo ya taa iliyo karibu inaonekana mara mbili, ya pili haina kitako, na ukingo wa juu wa ukuta wa bahari umekatika kama ngazi, pikseli 8 hivi. Njia ipi ina nafuu?

Kitasa
Ongeza control points kwenye nguzo na ukuta, kisha bonyeza Optimize tena. Mshono ukikatika maana yake fremu hazijalingana.

Bi Rehema
Kitasa, hilo lingekuwa kweli kama vitu vyote vingekuwa mbali. Kamera ya mkononi huhama kidogo kati ya fremu na fremu, kwa hiyo nguzo iliyo mita 2 husogea mbele ya upeo wa bahari. Ukiweka pointi kwenye nguzo na kwenye upeo pamoja, Hugin itatafuta suluhu ya katikati na upeo nao utapinda. Acha pointi kwenye vitu vya mbali, na zilizoshika baiskeli zifute.

Mzamiaji, kosa lilikuwepo tangu mwanzo, ila lilijificha. Awali mshono ulipita mahali pengine. Ulipomkata yule mtu, ulilazimika kuhamia eneo lenye nguzo. Fanya hivi: chagua fremu moja yenye nguzo nzima, tuseme ya 3, izungushie Include region. Halafu kwenye fremu ya 4 zungushia nguzo hiyohiyo Exclude region. Wengi huishia kwenye Include tu, kisha wanashangaa. Include huzuia fremu nyingine pale tu nguzo ya fremu ya 3 ilipoangukia. Ya fremu ya 4 imekaa pembeni kidogo, nje ya eneo hilo, ndiyo maana inabaki. Ukiikata, nafasi yake hujazwa na bahari iliyoonekana kwenye fremu ya 3.

Picha_Chap
Mbona mnajisumbua? Brashi ya Heal dakika tano, imekwisha. Mimi ya simu ilimtoa mtu ana miguu mitatu, nikaifuta hivyohivyo.

Bi Rehema
Ya simu imeshaunganishwa, fremu zake huna, kwa hiyo ni brashi tu. Yeye fremu anazo. Juu ya maji au anga Heal inafaa. Kwenye ukuta wa mawe itanakili doa lilelile mara mbili, na karibu na nguzo itavuta rangi ya nguzo iingie baharini. Utakuwa umeondoa pacha mmoja ukazaa wengine wadogo.

Fundi Leya
Nguzo naafiki maski. Ukuta je? Ule ni mrefu, unapita fremu zote mbili, huwezi kuuchukua kutoka fremu moja. Hapo mimi natoka Hugin. Kwenye Stitcher weka alama kwenye Exposure corrected, low dynamic range chini ya Remapped images, upate kila fremu kama faili yake. Zifungue GIMP kwa Open as Layers, ipe leya ya juu maski, kisha paka nyeusi mpaka mshono ukate ukuta kwenye ufa au doa la wima, ambapo jicho halifuati mstari. Ngazi ikibaki, tumia Warp Transform kwenye leya moja, brashi pana ya pikseli 300 au zaidi. Pikseli 8 zikitawanywa kwenye upana huo hazionekani. Zikisukumwa kwa brashi ya 40 utapata nundu.

Hasara yake ni mwanga. Kwa maski ya mkono huna ule mchanganyo wa enblend unaolainisha mishono ndani ya Hugin, kwa hiyo fremu zikitofautiana mwangaza, anga litaonyesha mpaka. Lainisha maski kwenye anga, ila ukutani iache kali.

Bi Rehema
Ningeanza na maski, nikapeleka GIMP matokeo ya enblend pamoja na leya mbili tu za eneo la ukuta. Mzamiaji, angalia pia kama baiskeli ilifunika sehemu ileile kwenye fremu zote mbili. Ikiwa hivyo utaona tundu, na hapo hakuna maski itakayokusaidia.

Mzamiaji
Nguzo sasa ni moja. Tundu halipo, lakini kivuli cha mwenye baiskeli kimebaki sakafuni fremu ya 4, nilikata mwili pekee. Napanua maski. Ila mawimbi yamekatika pale mshono ulipohamia.

Fundi Leya
Mawimbi laza mshono sambamba nayo, usiyakate wima.

Bi Rehema
Sambamba husaidia maji yakiwa mbali. Hapo karibu na ukuta, kwenye povu, sina hakika.