Naomba ushauri: mtoto anachanganya their, there na they're kwenye imla

Habari zenu wakuu. Binti yangu yuko darasa la sita. Juzi mwalimu aliwasomea imla ya Kiingereza, yeye akaandika: “There waiting for there bus over there.” Ilitakiwa iwe “They're waiting for their bus over there.” Maneno matatu, sauti moja. Sikio halimsaidii kitu hapo.

Nilikaa naye tukaitafsiri sentensi: “Wanasubiri basi lao pale.” Akaona mwenyewe kwamba “wana-” ndiyo they're, “lao” ndiyo their, na “pale” ndiyo there. Nikamwonyesha pia kwamba there ina here ndani yake, kwa hiyo inahusu mahali. Kwa they're, anasoma they are kwa kirefu. Sentensi ikikubali, anaweka ile alama ya mkato wa juu. Siku mbili akapata zote.

Kilichotukwamisha ni “There are two books on the table.” Kwa Kiswahili hapo hakuna “pale”, kuna “kuna”. Basi akaandika “They're are two books”, maana alisikia are akadhani ndiyo ile ile. Nilimwambia aisome kwa kirefu, they are are, akacheka na kufuta, lakini kesho yake karudia.

Walimu na wazazi mliopitia hili: nimfundishe there ya “kuna” kama neno la pekee, au nimwachie kwanza hizi tatu zikae? Na kwenye imla, asubiri sentensi iishe ndipo aandike?