Mjadala: Dereva wa apu atozwe kodi kwa nauli nzima?

Dereva, Nairobi: Mwaka jana apu ilionyesha nauli zangu kuwa shilingi 1,200,000. Humo wao wamekata kamisheni ya asilimia 18, mwenye gari akachukua yake, petroli nayo. Wiki nzuri nabaki na elfu saba, mbaya sibaki na kitu. Kisha natakiwa kulipa TOT, kodi ya mauzo, asilimia 3 ya zote. Hii ni haki?

Mhasibu, Nakuru: Si haki kwa anayekodi gari, lakini njia ipo. TOT inamhusu mwenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na haiangalii gharama. Kwako ni 36,000. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa kodi kwamba unataka kutozwa kwa faida badala yake. Toa kamisheni 216,000, na tuseme petroli 420,000, bima, bando na matengenezo 120,000, kukodi gari 250,000. Inabaki 194,000. Kodi yake ni asilimia 10, yaani 19,400, na nafuu ya kila mlipa kodi ni 28,800 kwa mwaka. Hulipi chochote, ila ritani lazima uwasilishe kabla ya Juni kwisha.

Mwenye gari, Mombasa: Basi nami nihamie kodi ya faida. Nalipa mkopo wa gari kila mwezi, naondoa wote.

Mhasibu, Nakuru: La, ndugu yangu. Riba ndiyo gharama. Deni lenyewe si gharama. Gari unalipunguzia thamani kwa asilimia 25 kwa mwaka, na punguzo hilo unalihesabu kama gharama. Piga hesabu yako kwanza, maana bila kukodi na bila punguzo hilo, dereva huyu angebaki na 444,000 na kudaiwa 41,800. Hapo TOT ni nafuu.

Mpeleka vyakula, Kisumu: Mimi napata kama laki saba kwa mwaka kwa pikipiki, na apu hunikata kila safari. Kodi si wameshakata?

Mhasibu, Nakuru: Walichokata ni ada yao. Uko chini ya milioni 1, kwa hiyo TOT haikuhusu, lakini kodi ya mapato kwa faida inakuhusu.

Msomaji, Thika: Mimi naona nauli haikuwa ya dereva kamwe. Mauzo yake yawe kile kilichoingia kwenye simu yake.

Mhasibu, Nakuru: Ningependa iwe hivyo. Lakini abiria anamlipa dereva huduma yake, na apu inamuuzia dereva huduma ya kumtafutia abiria. Ukiisoma hivyo, nauli nzima ni yake. Hapo watu wa kodi wenyewe hawajakubaliana.

Dereva, Nairobi: Mwenye gari nampa pesa kwa simu, hajawahi kunipa ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki.

Mhasibu, Nakuru: Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara hiyo inaweza kukataliwa. Zile 250,000 zikirudishwa kwenye faida yako, unadaiwa zile 41,800. Mdai ankara kabla hujamwandikia Kamishna.