Kujifukiza uso au kupitisha barafu: kipi kwa mwenye chunusi zinazoacha madoa?

Tuli88
Habari zenu wapendwa. Nina chunusi mashavuni na kidevuni, zile ngumu zinazouma bila kutoa kichwa, na kila moja ikipona inaniachia doa jeusi. Wapo wanaoniambia nijifukize, wengine wanasema barafu. Mliojaribu vyote, kipi kinafaa?

BintiMwanga
Fanya vyote, dada. Mvuke unafungua vitundu vya ngozi uchafu utoke, barafu inavifunga. Mimi nafanya kila Jumapili na uso wangu unatoka laini unang'aa.

NesiSaida
BintiMwanga mpenzi, ulaini huo ni wa kweli ila sababu siyo hiyo. Kitundu cha ngozi hakina msuli wa kukifungua wala kukifunga. Joto linalainisha mafuta yaliyogandamana humo, ndiyo maana vile vichwa vyeusi vya puani vinalegea. Barafu nayo inabana mishipa midogo ya damu, ngozi inakaza kwa muda, kisha inarudi ilivyokuwa.

Tuli, chunusi zako ziko ndani. Mvuke haufiki huko, na joto linaongeza damu mahali ambapo tayari pamevimba. Kati ya hivi viwili, kwako ni barafu, na kazi yake ni kutuliza maumivu na uvimbe tu. Haiui chunusi wala haifuti doa.

MzeeKibarua
Mimi nikishikwa na mafua najifukiza, pua inazibuka palepale. Msiudharau mvuke.

Tuli88
Shikamoo mzee. Mimi nauliza habari za chunusi.

NuruyaAsubuhi
Naomba niseme yaliyonikuta. Nilitoa sufuria motoni ikiwa bado inatokota, nikaiweka mezani, nikajifunika taulo. Mvuke ulipoanza kupungua nikainama zaidi na kukoroga maji. Ukanipiga shavuni. Kwa hofu nikachukua kipande cha barafu kikavu kutoka kwenye friza nikakikandamiza pale pale, kikanata kwenye ngozi na nikakivuta kwa nguvu. Kesho yake nilikuwa na lengelenge. Sasa ni mwezi wa tatu, pana doa jeusi na katikati yake kidoa cheupe. Nililia sana.

NesiSaida
Pole sana mdogo wangu. Hapo uliumia mara mbili. Mvuke ukigusa ngozi unageuka maji, na katika kugeuka huko unalitua ngozini joto lote uliolibeba, kwa hiyo unaunguza vibaya kuliko hewa ya moto. Ngozi nyeusi ikiungua mara nyingi hujibu kwa doa. Aliyeungua aweke mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu hapana.

Barafu kavu ya friza huwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na chembe zinazoipa ngozi rangi huanza kufa nyuzi chache tu chini ya sifuri, mapema kuliko chembe nyingine za ngozi. Inawezekana weupe wako umetokana na hapo, au na ule mvuke wenyewe. Mwone daktari wa ngozi akuangalie kwa macho yake.

Tuli88
Sasa naogopa hata hiyo barafu. Inatumikaje bila kuumia?

NesiSaida
Isuuze kwa maji mpaka ule ukungu mweupe uishe na kipande king'ae. Kikianza kuyeyuka kimeshafika sifuri. Kifunge kwenye kitambaa chepesi kisafi chenye unyevu. Weka juu ya chunusi kama dakika moja, ondoa, pumzisha dakika kadhaa, rudia mara moja au mbili. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona rangi ikibadilika, sikiliza ganzi: ikianza, acha. Na ngozi ikipata joto tena ukaona imetoa mabaka yaliyoinuka yanayowasha, mwili wako haupatani na baridi, usirudie.

BintiMwanga
Mimi mvuke siuachi, vichwa vyeusi vyangu vinatoka.

NesiSaida
Kwa vichwa vyeusi sikukatazi, mpenzi. Epua maji, yaache yatulie dakika chache, kaa mbali kiasi cha kupumua bila kuunguzwa koo, na dakika tano zinatosha. Mtoto asiwepo karibu na beseni. Ukimaliza paka losheni ngozi ikiwa bado na unyevu. Ila kuruka kutoka mvuke hadi barafu palepale, hapo sikubaliani nawe, hasa kama mashavu yako huwa mekundu au yanawaka upesi.

BintiMwanga
Mbona mwaka mzima sijapata shida?

NuruyaAsubuhi
Hata mimi nilikuwa sijapata, mpaka siku ile.

Tuli88
Dada Saida, na kitambaa cha maji ya uvuguvugu badala ya beseni?

NesiSaida
Hicho ni salama zaidi, na kwa chunusi iliyokwisha kutoa kichwa kinasaidia. Usiikamue tu. Madoa yako mengi yanaanzia kwenye vidole.